Shikamoo ya pili: kumjibu shangazi anayeuliza "utaolewa lini?" mbele za watu

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 31 na sijaolewa. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, kila tukikutana kifamilia huniuliza kwa sauti mbele ya wote, 'Na wewe utaolewa lini?' Mara ya mwisho nilimjibu, 'Shangazi, nasubiri wewe umalize zamu zako kwanza.' Ameolewa mara mbili na ameachika mara mbili. Watu walicheka sana, lakini yeye alinyamaza, na baba hakuniongelesha wiki nzima. Mwezi ujao tuna shughuli nyingine na atakuwepo. Nimjibu nini kitakachochekesha bila kumuumiza mtu?"

Marahaba. Nianze na huo mzaha wako, maana nimeusoma mara mbili, mara zote mbili nimecheka, halafu nikajionea aibu kwa kucheka. Kasoro yake iko hapo hapo. Nimekuwa mshereheshaji wa shughuli za kifamilia kwa miaka 19, na kabla ya hapo nilisomesha isimujamii, yaani namna watu wanavyotumia maneno kupeana nafasi na kupokonyana. Kazi zote mbili zimenifunza kutoamini kicheko cha ukumbi. Watu hucheka kwa furaha, lakini hucheka pia kwa kushtuka, na hucheka kwa kushukuru kwamba mshale haukuwapata wao. Sauti ni ile ile. Ukitaka kujua umecheka na watu au umechekesha watu juu ya mtu, angalia macho yanakokwenda kicheko kikishatoka. Mzaha ukiwa salama, watu hukutazama wewe uliyesema, wakingoja nyongeza. Ukiwa umejeruhi, humtazama aliyejeruhiwa waone ameupokeaje. Kumbuka vizuri siku ile. Naamini macho yalihamia kwa shangazi.

Kila mzaha una anayeulipia. Wewe ulimlipisha shangazi, tena ulimlipisha kwa kitu ambacho hakukileta mezani. Yeye alileta ndoa yako, wewe ukamrudishia ndoa zake. Utasema yeye ndiye aliyeanza, na ni kweli, ila kati ya shangazi na mtoto wa kaka yake utani hauna mizani sawa. Mwanaanthropolojia Mwingereza, Radcliffe-Brown, aliandika mwaka 1940 kuhusu mahusiano ya utani na akaona yako ya aina mbili. Kuna utani wa pande zote, ambao kila mmoja anamchokoza mwenzake kadiri apendavyo. Kuna pia utani wa upande mmoja: huyu anachokoza apendavyo, yule anapokea kwa moyo mweupe, na akirudisha basi anarudisha kidogo tu. Binamu yako, yaani mtoto wa huyo huyo shangazi, huenda mko kwenye utani wa kwanza. Mtaambizana makubwa na mtakula sahani moja. Shangazi mwenyewe yuko kwenye ule wa pili. Ana ruhusa ya kukuuliza utaolewa lini mbele ya watu hamsini. Wewe ruhusa yako ni kurudisha kidogo. Hiyo si haki, nakubali, lakini ndiyo kanuni ya mchezo ambao baba yako aliuona umevunjwa, na ndiyo maana alinuna yeye pia wakati hukumtaja popote. Ukimgusa dada yake mbele za watu, umemgusa yeye.

Kwa hiyo tunatafuta jibu ambalo shangazi halilipii. Wanaoweza kulilipia bila kulalamika ni wawili. Wa kwanza ni wewe mwenyewe, ingawa hapo kuna mpaka nitakaoutaja. Wa pili ndiye kipenzi changu katika kazi hii: bwana harusi ambaye bado hayupo. Huyo mseme utakavyo. Amechelewa, amepotea njia, hajui kama anasubiriwa. Hana ndugu ukumbini.

Kabla ya maneno yenyewe, tulitazame swali. Kwa umbo lake linaomba tarehe. Lakini shangazi hatarajii tarehe, wala hajaja na kalamu. Angekuwa anataka jibu hasa, angekuvuta pembeni, maana kila mtu mzima anajua kuwa habari za kweli za ndoa hazisemwi katikati ya kelele za sahani. Anapouliza kwa sauti, anatangaza kwamba yeye ndiye mwenye haki ya kuuliza. Kwamba katika ukoo huu yupo mtu mwenye cheo cha kuulizia mambo kama hayo, na mtu huyo ni yeye. Tena mara nyingi ametumwa. Wazazi wanaoogopa kumuuliza binti yao humnong'oneza shangazi, naye anabeba mzigo kwa sauti yake kubwa. Sijui kama ndivyo ilivyo kwenu, ila ukiona baba anainama na kutazama simu yake swali linapoulizwa, una sababu ya kushuku.

Ndiyo maana majibu mengi yanayosifiwa mitaani hayafanyi kazi. Yanajibu "lini", ama kwa kuikwepa ama kwa kuipiga teke, na kukiacha cheo cha shangazi kikining'inia hewani. Jibu zuri linakipokea cheo kwanza, kisha linainyima tarehe kwa ucheshi. Ukikipokea vizuri, tarehe haitaulizwa tena siku hiyo.

Sasa ufundi. Tatizo la kwanza mbele za watu ni muda. Watafiti walipopima mazungumzo katika lugha 10 tofauti, na kuchapisha mwaka 2009, walikuta kwamba kwa kawaida mtu hujibu swali ndani ya takriban sehemu moja ya tano ya sekunde. Ukimya ukikaribia sekunde nzima, wasikilizaji huanza kuhisi kuna jambo. Basi hebu fikiria: swali limetua, wewe unatafuta mzaha, sekunde mbili zimepita, ukumbi mzima umeshakuhurumia. Ukisema kitu cha kuchekesha baada ya hapo, kitasikika kama utetezi. Kwa hiyo neno la kwanza lisihitaji kutafutwa. Liwe tayari mdomoni tangu unatoka nyumbani.

Neno hilo, kwako wewe unayeamkia wakubwa kwa shikamoo, ni hilo hilo.

"Na wewe utaolewa lini?"

"Shangazi, shikamoo!"

Hata kama mlishaamkiana asubuhi. Hasa kama mlishaamkiana asubuhi. Shikamoo ina nguvu moja ambayo salamu nyingine hazina: inadai jibu lake, na jibu ni moja tu. Mtu aliyelelewa na "marahaba" huitoa kabla akili haijaamua. Shangazi atajikuta ameshasema "marahaba" katikati ya hoja yake, na ukumbi utacheka, kwa sababu kila mtu ameona kilichotokea. Swali lilikuja bila breki, limekutana na salamu. Tena vijana siku hizi wanaitumia shikamoo kwa maana ya pili, ya kukiri kuwa mwenzao amewaweza: mtu akifanya jambo zito wanamwambia "shikamoo". Basi maana zote mbili zinaingia kwa pamoja. Umemheshimu mkubwa wako, na umekiri kwamba amekuweza. Nani ataumia hapo?

Namna ya kuitamka ni nusu ya kazi. Usiivute kwa dhihaka, usiipige kama mlango unaofungwa. Itamke kwa furaha ile ile ambayo ungemwamkia nayo ungekuwa hujamwona mwaka mzima, na umtazame yeye, siyo wasikilizaji. Ukiwatazama wasikilizaji wakati unamjibu shangazi, umeshamfanya kitu cha maonyesho, na maneno mazuri hayatakuokoa. Hili kosa nimelifanya mwenyewe, nikiwa na kipaza sauti mkononi, kwa mama mmoja wa makamo aliyekuwa ameniuliza jambo kwa nia njema kabisa. Nilimjibu vizuri, ila nilimjibu nikiwa nimewageukia wageni. Hakunisemesha hadi shughuli ikaisha, na alikuwa na haki.

Shikamoo ya pili inakupa pumzi, kama sekunde nne hivi za kicheko. Usiishie hapo, kwa sababu ikiachwa peke yake ni kukwepa tu, na shangazi mwerevu atasema, "Marahaba. Sasa jibu." Ndani ya kicheko hicho unaleta jibu. Acha nikuonyeshe nilivyolitengeneza hili lako, pamoja na matoleo niliyoyatupa, maana kwenye yaliyotupwa ndiko unakoonekana ugumu wenyewe.

Toleo la kwanza lilikuwa: "Shangazi, lini ninayo, nimekwama kwenye nani." Linachekesha, limekaa vizuri mdomoni, na anayelilipia ni wewe. Nimelitupa kwa sababu ni agizo la kazi. Shangazi yeyote anayejiheshimu, akisikia umekwama kwenye "nani", atakutafutia nani. Wiki inayofuata utapigiwa simu kuhusu kijana mmoja mtaratibu sana, mtoto wa rafiki yake, na ukikataa utakuwa umemuaibisha kwa rafiki yake. Mzaha wowote wenye maana ya "nimepungukiwa" husikika kama "nisaidie". Basi kama kweli unataka akutafutie, tumia, mimi sikuzuii.

Toleo la pili: "Mwakani, shangazi, Mungu akipenda." Wengi wanalitumia kwa sababu linafunga mada papo hapo. Linaifunga kwa mwaka mmoja. Shangazi wana kumbukumbu ya tarehe inayozidi ya watu wa mahakama, na mwakani utaulizwa kwa ushahidi, na mashahidi watakuwepo ukumbini. Usitaje kipindi chochote cha muda hata kwa utani: siyo mwakani, siyo baada ya masomo, siyo nikimaliza kujenga.

Toleo la tatu lilikaribia: "Shangazi, siku hiyo ikifika wewe utakuwa wa pili kujua. Wa kwanza inabidi awe bwana harusi mwenyewe. Si vizuri akasikie kwa watu." Hapa vitu vyote vimekaa mahali pake. Cheo chake kimepokelewa, tena kimepandishwa. Tarehe haipo. Anayechekwa ni yule bwana asiye na ndugu. Lakini nililisoma tena nikamwona mama yako. Mama yako yuko ukumbini, pengine meza hiyo hiyo, na binti yake ametangaza mbele ya ukoo kwamba wifi yake atajua kabla yake. Umeokoa wiki moja ya baba ukanunua wiki tatu za mama. Haya ndiyo mambo yanayofanya jibu la mbele za watu kuwa gumu kuliko la faragha: unaongea na mmoja, lakini kila aliyekaa pale anajitafuta ndani ya sentensi yako. Kwa hiyo mzaha ukishautunga, zunguka ukumbi kichwani, kiti kwa kiti, ukimuuliza kila mtu: wewe umeguswa? Mjane, aliyeachika, aliyeolewa bila kujaliwa mtoto, mdogo wako aliyekutangulia kuolewa, mke wa pili wa mjomba. Mzaha kama "ndoa zenyewe siku hizi ni presha tu" unaonekana haumlengi mtu, kumbe kwenye kiti cha sita yupo ambaye mume wake ameondoka mwezi uliopita na bado hajamwambia yeyote.

Toleo ninalokupa ni hili:

"Shangazi, shikamoo! ... Siku hiyo ikifika nitawaambia wewe na mama kwa mpigo mmoja, mkiwa mmekaa. Ila itabidi nianze na bwana harusi mwenyewe. Si vizuri akasikie kwa watu."

"Mkiwa mmekaa" usiliache. Linadokeza kuwa habari itakuwa kubwa kiasi cha kumwangusha mtu, na hapo unajicheka kidogo wewe mwenyewe, kwa kiwango kinachofaa. Mpaka niliosema ni huu: jicheke kuhusu jambo dogo au la kupita, kamwe usijicheke kuhusu thamani yako. Ukisema "nani atanichukua mimi shangazi", kicheko kitatoka kidogo halafu kitakufa, kwa sababu watu wema watalazimika kukufariji, na sasa ukumbi mzima unajadili uzuri wako. Mada uliyotaka ife imepata watoto.

Pumzika kidogo kabla ya "Ila itabidi". Hapo ndipo watu wanaingojea sababu. Neno la kuchekesha liwe mwishoni kabisa mwa sentensi, na baada ya "kwa watu" usiongeze kitu. Wengi huharibu hapa. Wanaona mzaha umepokelewa, wanaongeza wa pili, na wa pili kwa kawaida ni mkali kuliko wa kwanza kwa sababu damu imechemka. Mmoja unatosha.

Halafu mpe shangazi usukani. Kicheko kikiwa bado hewani, muulize jambo analopenda kulizungumza, kwa jina lake hasa, siyo "za nyumbani?" Uliza habari ya mjukuu aliyeanza shule, mguu uliokuwa unamsumbua, shamba, kikundi chake. Kwa huyu wako, tahadhari: lisiwe swali linalopita karibu na ndoa, hata kwa wema, kama "hivi zamani nyinyi mlikuwa mnafanyaje?" Baada ya ulichomfanyia mara ya mwisho, atasikia zamu zake ndani yake. Swali hilo la usukani ndilo linalomaliza mambo kwa kweli. Alitaka nafasi ya kuwa shangazi mbele ya watu. Umempa, na sasa anaitumia kueleza habari zake. Baada ya dakika mbili hakuna atakayekumbuka mlianzia wapi.

Utajuaje kama ameumia licha ya yote? Usisikilize kicheko chake, sikiliza atakachosema baada yake. Akiwageukia wengine na kusema, "Mnamsikia huyu mtoto?" amefurahi, amekuchukua kama mali yake anayoionyesha. Akisema "haya" fupi, au "sisi tulikuwa tunauliza tu", jihadhari. Huyo "sisi" ni ishara mbaya. Mtu aliyekuwa anasema "mimi" kwa sauti sasa amejificha ndani ya kundi, maana amejiona ameshambuliwa. Usiombe radhi pale pale kwa sauti, utamwongezea aibu. Tafuta sababu ya kwenda kukaa karibu naye kabla ya dakika kumi, mletee maji, ongea naye kwa sauti ya chini kuhusu jambo jingine. Atakuelewa.

Kuna uwezekano kwamba atang'ang'ania. "Hapana, leo usinikimbie, jibu." Hapo acha utani kabisa. Mzaha wa kwanza ni ucheshi, wa pili ni ujanja, wa tatu ni kiburi, na wazee huhesabu. Mkaribie, shusha sauti ili hata meza ya jirani isisikie vizuri, useme: "Shangazi, hilo nitakuja tukae wawili tulizungumze." Umebadilisha swali la ukumbini kuwa la chumbani, na hilo kwake ni heshima kubwa kuliko jibu lenyewe. Lakini ukishasema hivyo, lazima uende kweli. Usipokwenda, mara ijayo atauliza kwa kipaza sauti.

Na kwa hali yako, kwenda kwenyewe kusingoje shughuli. Nenda kabla. Hakuna mzaha, hata uwe umetungwa kwa dhahabu, utakaopokelewa vizuri na mtu ambaye bado anauguza ule wa kwanza. Kila neno lako atalipima kama lina makali. Nenda nyumbani kwake peke yako, bila baba, bila mpatanishi, na usiende siku ya shughuli asubuhi kana kwamba unalipa deni ili uingie. Radhi yenyewe iwe fupi: "Shangazi, siku ile nilikutania pasipo na utani. Nisamehe." Basi. Usieleze kwamba ulikuwa unatania, anajua. Usiseme "kama uliumia", maana ni kumtilia shaka. Na usimtajie zile ndoa, hata kwa kuzionea huruma. Akitaka kuzizungumza atazileta mwenyewe, na mara nyingi ndipo unaposikia kwamba mwanamke aliyeachika mara mbili haulizi "utaolewa lini" kwa sababu anadhani ndoa ni rahisi.

Siku hiyo hiyo, mkishacheka kidogo, unaweza kumwomba jambo moja ambalo shangazi wengi hulipenda kuliko unavyodhani: akusaidie. "Shangazi, watu wengine wakiniuliza mbele za watu huwa nakosa cha kusema. Wewe ungenijibia." Umemfanya mlinzi wa mlango aliokuwa anaugonga. Nimeona shangazi wa namna hii akimkatiza mjomba katikati ya swali: "Mwache mtoto ale." Haifanikiwi kila mara. Kuna wanaokubali chumbani na kuuliza tena ukumbini, kwa mazoea tu, mdomo ukiwa umetangulia. Huyo ndiye utakayempa shikamoo ya pili, na sasa itakuwa mchezo wenu wawili.

Kwenye kundi la familia la simu mambo yanabadilika kidogo. Maandishi hayana sauti, na yanabaki. Mtu atayasoma kesho akiwa na hasira ya jambo jingine kabisa. Ukiulizwa huko, jibu kwa sauti iliyorekodiwa, sekunde kumi zinatosha, ili kicheko chako kisikike na kisikisiwe. Usijibu kwa kikaragosi peke yake. Shangazi ataona umemwonyesha uso wa mtu mwingine.

Wapo ambao dawa hii haiwafai, na ni vyema uwajue kama mmoja wao ni wewe. Kama hukusudii kuolewa kabisa, ondoa "siku hiyo ikifika", maana unamwekea mtu mzima tumaini la uongo na atalishika. Baki na shikamoo na swali la usukani, na ukweli upeleke chumbani. Kama uchumba umevunjika hivi karibuni, usijilazimishe kuchekesha. Ucheshi unahitaji pumzi, na sauti ikitetemeka katikati ya mzaha kila mtu atajua. "Shangazi, niombee" inatosha. Haichekeshi, lakini inafunga mada kwa heshima, na hakuna mtu mwenye akili atakayeuliza tena baada yake. Kaka zako wanaoulizwa "utaoa lini" wanaweza kutumia maneno haya haya wakibadilisha bwana harusi kuwa bibi harusi, ila wao wanapenda kuongeza habari za mahari, na hapo hujikuta wamewakanyaga wazazi wote wenye mabinti ukumbini.

Muda ulio nao unatosha. Liseme jibu kwa sauti, siyo kichwani, mara tano au sita ukiwa unafua au unaendesha gari, mpaka "si vizuri akasikie kwa watu" itoke bila wewe kuifikiria. Kisha mjaribie yule binamu, mtoto wa shangazi, aigize mama yake. Anamjua kuliko sisi sote, na akikwambia "hapo mama atanuna", badilisha neno hilo kabla hujavaa.